Mwongozo kwa Wanaotaka Kuibiwa Bila Usumbufu

Watu wengi huibiwa kwa mafungu: leo Facebook, mwezi ujao Instagram, mwakani duka la mtandaoni. Huko ni kumchosha mwizi bure. Ukitaka vyote viondoke kwa mkupuo mmoja, anza na barua pepe yako. Unapobonyeza "Umesahau nenosiri?" kwenye tovuti nyingi, kiungo cha kuweka nenosiri jipya hutumwa huko. Aliyeishika barua pepe yako hana haja ya kuyajua manenosiri yako ya huko.

Kazi yako ni ndogo mno. Chagua nenosiri moja ulipendalo, tuseme jina la kifungua mimba wako na mwaka aliozaliwa. Litumie kwenye barua pepe, halafu lilelile litumie kwenye kile kiduka cha viatu ulichonunulia mara moja ukakisahau. Sasa subiri. Kiduka kitadukuliwa siku yake, orodha ya anwani na manenosiri itauzwa, na programu itajaribu kila jozi kwenye huduma kubwa za barua pepe wakati mwenye programu amelala. Hakuna anayekaa kukisia jina la mwanao. Umeshampa.

Ukiambiwa haya huwapata washamba tu, taja Dropbox. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilieleza kuwa nenosiri lililoibwa kwenye tovuti nyingine lilifungua akaunti ya mfanyakazi wake, na ndani yake mlikuwa na faili lenye anwani za wateja. Mwaka 2016 ikajulikana kuwa wizi wa 2012 uligusa akaunti zaidi ya milioni 68. Ikiwa waliojenga ghala la mafaili waliteleza hapo, wewe ni nani ujitie ujuaji?

Mwizi mwenye adabu akishaingia hagusi nenosiri lako, maana ungeshtuka. Anaandika neno "karibu" au "welcome" kwenye kisanduku cha kutafutia, na barua zote za kukukaribisha ulikojisajili zinajipanga mbele yake kama menyu ya hoteli. Kisha anatengeneza kichujio: barua yoyote yenye neno "password" ipelekwe moja kwa moja kwenye takataka. Saa nane za usiku anaomba nenosiri jipya kwenye akaunti ya kwanza, anachukua kiungo takatakani, anakifuta, anakwenda ya pili. Asubuhi kikasha chako ni kisafi kuliko kawaida. Usishangae, na zaidi ya yote usifungue `Settings`, kisha `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP` kwenye Gmail. Ungekikuta kichujio usichokiweka, au anwani ya mgeni inayopokea nakala ya barua zako, na starehe ingeharibika.

Jihadhari pia na vidhibiti vya manenosiri, kama Bitwarden au KeePassXC. Vina tabia mbaya ya kubuni nenosiri refu lisilo na maana kwa kila tovuti, kwa hiyo kiduka cha viatu kikivuja, kinavuja peke yake. Tena ni vikaidi: ukifika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa benki yako kwa kila rangi, kidhibiti kinasoma anwani, kinaona si yenyewe, kinakataa kujaza. Hapo mpenda kuibiwa anatakiwa alinakili nenosiri na kulibandika kwa mkono wake.

Wakaidi wasiotaka kuibiwa nao wana mitego yao, na huu nautaja bila mzaha. Ukiweka nenosiri la barua pepe ndani ya kidhibiti tu, na kidhibiti kikawa kinatuma msimbo wa kukifungulia kwenye barua pepe hiyohiyo, simu ikipotea umejifungia nje ya vyote viwili. Kwa hiyo manenosiri mawili huandikwa kwenye karatasi na kufichwa nyumbani: la barua pepe na nenosiri kuu la kidhibiti. Karatasi hiyohiyo iwe na misimbo mbadala ya kuingilia simu isipokuwepo, ambayo Google huitoa kumi kwa mkupuo. Nenosiri kuu liwe maneno matano au sita yaliyopatikana kwa bahati nasibu, si methali wala ubeti unaojulikana. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala za hazina za wateja wa kidhibiti cha LastPass, zikiwa na manenosiri yaliyosimbwa, na nakala ya namna hiyo mwizi anaweza kuijaribu kwake bila kikomo. Aliyekuwa na nenosiri kuu jepesi ndiye aliyepaswa kuogopa zaidi.

Kama bado hujaamua uko upande gani, anza na jambo moja jioni hii: badilisha nenosiri la barua pepe, liwe ambalo hujawahi kulitumia kwingine kokote. Kiduka cha viatu kinaweza kusubiri.