Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Barua pepe ya kuandaa kikao kazi cha nje ya ofisi, yaani ule mkusanyiko wa siku moja au mbili ambamo watumishi hupelekwa mahali penye upepo ili wafanye mipango ambayo ingefanyika ofisini kama simu zisingeita, ni andiko fupi lenye kazi nne: kutaja tarehe, kuthibitisha ni nani ana ruhusa ya kutokuwepo, kueleza usafiri, na kumwambia kila mtu aje na nini. Kazi hizo hutegemeana, kwa kuwa tarehe haijulikani kabla ya kujulikana nani yuko likizo, na gari halikodiwi kabla ya kujulikana tarehe. Hata hivyo waandishi wengi huanza na tarehe, kwa sababu ndiyo tamu kuandika, kisha huongeza, kwa herufi kubwa, maneno yasiyokwepeka katika ofisi za Tanzania, kwamba msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Mara nyingi kichwa hicho ndicho sehemu pekee ya andiko isiyo na kosa.

Ichukuliwe, kwa mfano, ofisi ya shirika dogo lenye watumishi 14 huko Buswelu, kata iliyo na makao makuu ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, ambayo mkuu wake ameamua kwamba kikao kazi cha mwaka 2026 kifanyike Ijumaa tarehe 7 na Jumamosi tarehe 8 Agosti, siku ya pili ikiwa ya matembezi katika Kisiwa cha Saanane. Chaguo la kisiwa lina busara, kwani Saanane, iliyokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2 na ushei tu, hufikiwa kwa dakika chache za boti kutoka Capri Point, na ni vigumu kwa mtumishi kutoroka kikao akiwa amezungukwa na Ziwa Viktoria. Chaguo la tarehe ndilo lililokosa busara, ingawa mwandishi aliliona kuwa la werevu: tarehe 8 Agosti ni Nanenane, sikukuu ya wakulima, kwa hiyo, kwa hesabu yake, ofisi ingepoteza siku moja tu ya kazi na kupata siku mbili za kikao.

Hesabu hiyo huvunjwa na neno moja ambalo mwandishi mwenyewe huliweka katika aya ya pili, anaposema kwamba mahudhurio ni ya lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza kwamba mtumishi anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na matembezi ambayo mtu hana hiari ya kuyakataa ni vigumu kuyaita mapumziko, hata kama yanahusisha kutazama pimbi wakiota jua juu ya miamba. Mhasibu, ambaye kwa kawaida hasomi barua pepe zaidi ya mstari wa tatu, huisoma hii mpaka mwisho, kisha huuliza kwa adabu kubwa, huku nakala ikienda kwa watu wote 14, kama saa za kupanda boti zihesabiwe pamoja na saa za kushuka. Swali la namna hiyo halina jibu zuri, na mwandishi mwenye akili hubadilisha neno lazima kuwa hiari ndani ya nusu saa, jambo linalosababisha watu watano kukumbuka ghafla kwamba wana msiba.

Pigo la pili hutoka kwenye daftari la likizo, yaani orodha inayoonyesha nani amepewa likizo ya mwaka na kuanzia lini, ambalo katika ofisi nyingi hutunzwa na afisa utumishi ndani ya kabati lisilofunguliwa na mtu anayeandika barua pepe. Sheria hiyohiyo inatoa siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa kila mzunguko wa mwaka, na siku hizo huhesabiwa pamoja na sikukuu zilizomo, kiasi kwamba mtu aliyeanza likizo Jumatatu tarehe 27 Julai huimaliza Jumapili tarehe 23 Agosti, na Nanenane yake imemezwa humo bila fidia. La muhimu zaidi kwa mwandishi wa barua pepe ni kwamba sheria inamkataza mwajiri kumtaka mtumishi afanye kazi akiwa katika likizo hiyo, na hata kumruhusu tu. Katika mfano huu aliyeanza likizo tarehe 27 Julai ni dereva, na aya ya tatu ya barua pepe inasema kwamba usafiri ni wa gari la ofisi. Jibu lake hufika jioni, nalo ni fupi kuliko majibu yote: «Shikamoo mkuu. Nipo Nansio mpaka tarehe 23. Fomu umeisaini wewe mwenyewe.»

Kutoka hapo mwandishi hukimbilia kukodi, na ndipo hugundua kwamba Nanenane si tarehe tu bali pia ni mahali. Maonesho ya wakulima ya Kanda ya Ziwa Magharibi hufanyika katika viwanja vya Nyamhongolo, ndani ya manispaa hiyohiyo ya Ilemela, na katika wiki ya kwanza ya Agosti mwenye Hiace anayeweza kujaza abiria wa Nyamhongolo kutwa nzima haoni sababu ya kuegesha gari lake Capri Point kusubiri watu wanaojadili mpango mkakati. Atakayekubali atataja bei kwa sauti ya mtu asiyehitaji kukubaliwa, na kama gari lake ni daladala lenye leseni ya njia maalumu, itabidi pia aombe kibali cha muda kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ili atoke nje ya njia yake. Mwandishi asiyejua habari ya kibali huitambua njiani, askari wa usalama barabarani anapouliza gari la Buswelu linatafuta nini kwenye njia ya kwenda ufukweni, huku abiria wake wote wakiwa wamevaa fulana za rangi moja.

Saa ya kuondoka nayo ina mtego wake, na pengine ndio mtego unaostahili kuangaliwa zaidi kuliko mingine. Barua pepe inasema gari liondoke saa 12:00 kamili asubuhi, lakini mwaliko wa kalenda ulioambatanishwa, ambao hutengenezwa na kompyuta inayohesabu kuanzia usiku wa manane, unaonyesha 06:00, na kwa kuwa simu humkumbusha mtu kwa tarakimu bila kueleza ni za hesabu ipi, wapo wanaosoma saa sita na kujiandaa kwa safari ya mchana. Tofauti ni saa 6 kamili, nayo haipungui kwa kupiga honi. Walioelewa vizuri hawana nafuu kubwa, kwa sababu Tanzania nzima hutumia saa moja ilhali Mwanza ipo mbali magharibi mwa Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza Mwanza takriban dakika 25 baada ya kuchomoza Dar, na mwanzoni mwa Agosti huonekana Buswelu karibu saa 12:50. Saa 12:00 kamili, basi, ni giza. Watumishi waaminifu husimama kituoni wakiwa wamejifunika kanga na makoti, wakiitambua Hiace kwa mlio wake tu, na angalau mmoja hupanda gari lisilo lao na kushukia Igoma. Saa 1:15 asubuhi ingetosha kabisa, na ikiandikwa kwa maneno pamoja na neno asubuhi, kisha mwaliko wa kalenda ukafutwa, hakuna ambaye angepotea.

Kuhusu maandalizi ya kila mtu hakuna haja ya maelezo marefu, kwa kuwa kosa ni moja na hurudiwa kila mwaka: sentensi isiyo na mtendaji. Barua pepe inaposema kwamba «kila mmoja aje na chochote cha kuchangia», watu tisa huja na maji ya chupa, na inaposema kwamba «mawasilisho yaandaliwe», hakuna anayeyaandaa, maana mawasilisho hayajawahi kujiandaa. Anayestahili kuhurumiwa hapa ni mhasibu aliyepewa masurufu, yaani fedha za ofisi zinazotolewa mapema kwa shughuli fulani kwa sharti kwamba zirejeshewe hesabu pamoja na stakabadhi. Ametumwa kununua sato wa watu 14 katika soko la Mwaloni, Kirumba, na muuza samaki ana kisu, mizani na kumbukumbu nzuri ya wadeni wake, lakini hana mashine ya kutoa risiti ya EFD. Samaki huliwa siku moja, na mjadala wa risiti hudumu mpaka Desemba. Aliyepangiwa vitafunwa naye huvibeba katika mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, akauficha chini ya koti anapokaribia ofisi ya hifadhi, na kwa mwendo huo wa kujikunja hufanana na mtu aliyeiba.

Barua pepe ya marekebisho, ambayo kwa kawaida ni ya tatu kwa sababu ya pili ilisahau kuambatanisha kiambatanisho, huandikwa safari hii na afisa utumishi akiwa na daftari la likizo mezani. Kwanza anatazama wiki ya mwisho ya Agosti, ambamo dereva amekwisha rudi, lakini anaiacha kwa kuwa Maulidi ya mwaka 2026 yanatarajiwa kuangukia karibu na tarehe 25 au 26, na mwandamo wa mwezi hauombi ruhusa kwa afisa utumishi wala hautoi notisi ya wiki mbili. Anachagua Alhamisi tarehe 3 na Ijumaa tarehe 4 Septemba, siku mbili za kawaida za kazi zisizodai malipo maradufu, na kabla ya kuziandika anawauliza wawili walioomba likizo mwezi huo kama wanaweza kuanza Jumatatu inayofuata, nao wanakubali kwa maandishi. Kisha anaandika kwamba gari la ofisi litabeba watu sita na Hiace iliyokodiwa, ambayo kibali chake kimeshapatikana, itabeba wanane. Kwamba mtunza stoo ataleta sufuria mbili na vikapu vya ukili. Kwamba wakuu wa idara tatu watume mawasilisho ya kurasa zisizozidi tano kwake yeye, si kwa watu wote, kabla ya Ijumaa tarehe 28 Agosti. Na kwamba mhasibu aombe mapema namba ya kumbukumbu ya malipo ya hifadhi, ile ambayo mtaani huitwa kontro namba, kwa idadi ya watu 14 isiyobadilika.

Andiko hilo lina mistari 11, halina hata mstari mmoja wa herufi kubwa, na halikumtaka mtu yeyote ahusike na kichwa cha habari. Wasomaji wanaotarajia kupanga vikao kazi pembezoni mwa ziwa wanaombwa, kabla ya kuandika tarehe, wamuulize dereva.