YAH: Ombi la slaidi za takwimu kwa lugha mbili

Ndugu Mratibu wa Kozi,

Sisi wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza hatuna ugomvi na Kiingereza. Tumekutana nacho darasani tangu kidato cha kwanza, tukapewa vyeti vya kukijua, na vyeti hatubishani navyo.

Shida yetu ni slaidi ya kosa sanifu. Mhadhiri aliisoma yote kwa Kiingereza, sisi tukanakili yote, na ukumbi ukatulia kama msibani. Kisha akaifunga kompyuta, akasema kwa Kiswahili: "Jamani, mchepuko sanifu ukiwa 10 na sampuli ni watu 25, unagawa 10 kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani 5, unapata 2. Ukitaka kosa lishuke hadi 1, usidhani watu 50 watatosha. Tafuta 100." Hapo hata wa viti vya nyuma wakaamka. Bahati mbaya maneno hayo hayamo kwenye slaidi, na aliyekosa kipindi siku ile bado anatafuta watu 50.

Hatuombi kozi nzima itafsiriwe. Kanuni s/√n ibaki ilivyo, haina kabila. Tunaomba maana na mfano viwekwe kwa lugha zote mbili, ubavu kwa ubavu. Kazi yenyewe ni ndogo: mhadhiri aandike anachokisema tayari.

Mtihani tutajibu kwa Kiingereza kama kawaida. Tungependa tu safari hii tujue tunajibu nini.

Wako watiifu,
Wanafunzi wa takwimu