Profesa wa "Na" Atua Kibimba

Waheshimiwa wana Kibimba, makarani, walimu, na ninyi mnaouza ndizi huku mkijifanya hamnisikii: tulieni! Mbele yenu amesimama Profesa wa "Na". Shahada nimejitunuku mwenyewe, kwani sikumwona mwenye elimu ya kunitahini.

Nimeonyeshwa ujumbe wa simu ambao kijana mmoja kamwandikia binamu yake: "Na kuja na we mnadani, na mbuzi ninae." Maneno manane, "na" nne, makosa matatu. Hata mbuzi angeona haya.

Ile ya kwanza ni "ninakuja" iliyomeza "ni" yake. Ni kiungo cha kitenzi, haitengwi: "nakuja". Ukiitenga unasema "pamoja na kuja", na binamu atakaa akingoja sentensi iishe.

Sasa "na we". Hapa ndipo nilipojipatia uprofesa. Mimi, wewe, yeye, sisi: sikilizeni, kila kimoja kinajirudia. Kikiwa kizima kinajitegemea: na mimi, na wewe, na yeye. Kikikatwa nusu, nusu hiyo hubandikwa kwenye "na": nami, nawe, naye, nasi, vivyo hivyo nanyi na nao. Kwa hiyo "namimi" ni kosa, na "na mi" ni kosa. Najua mnasema "mi sijui". Mdomoni ruksa, nami sina polisi wa midomo.

Kijana namsamehe kidogo. Amesomea ng'ambo ya daraja la Rusumo, na huko Kinyarwanda huandika "nawe" kwa unayesema naye, "na we" kwa anayesemwa. Sheria nzuri, lakini haivuki mpaka. Kwetu "na we" haimhusu yeyote.

"Na mbuzi" ni sahihi. Mbuzi ni nomino nzima, habandikwi popote ila kwenye kamba.

"Ninae" ni wivu tu: imeiona "nao" haina herufi katikati, ikajinyoa. Lakini "ye" ya "yeye" haiachi "y" yake. Ni "ninaye". Na ni "ninaye" kwa sababu mbuzi anapumua. Angekuwa na shoka angeandika "ninalo", kisu "ninacho".

Mwalimu pale mbele anauliza: basi "nami" na "na mimi", ipi bora? Zote halali, mwalimu. "Nami nitakuja" inapita kwa utulivu. Ukitaka kushindana na mtu, chukua nzima: nyama ikigawiwa nami nikarukwa, hamtanisikia nikinong'ona "nami". Nitapaza sauti: "Na mimi!"

Sahihi basi ni: "Nakuja nawe mnadani, na mbuzi ninaye."

Imebaki posho ya mhadhiri. Mwenyekiti, mnayo? Asijibu mtu "tunae".