Barua ya Shukrani Yenye Msiba Ndani

Mpwa wangu aliporudi kwenye usaili wa kazi ya uhasibu hakugusa hata chai. Maswali yote aliyamudu, isipokuwa moja: daftari la fedha linaonyesha salio la shilingi 4,200,000, taarifa ya benki inaonyesha 4,650,000, utafanyaje? Kijana akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa, "Nitaongeza 450,000 kwenye daftari ili zilingane." Mama mmoja kwenye jopo akavua miwani.

Usiku akaandika barua pepe ya kushukuru, akaniletea niipitie. Ilianza na "Kwa masikitiko makubwa," nikadhani tumefiwa. Aya ya pili ilikuwa foleni ya Mbagala, ya tatu malaria, ya nne kiyoyozi kilichompuliza utosini. Lile jibu bovu alilirudia mara mbili, asije akawepo mjumbe aliyepitiwa na usingizi akalikosa. Jibu sahihi halikuwemo.

"Sasa jibu lenyewe ni lipi?" nikamuuliza.

"Kwanza natafuta tofauti imetoka wapi, mjomba. Tuseme tulitoa hundi ya 500,000, aliyepewa hajaipeleka benki. Na benki wamekata makato ya 50,000, sisi hatujayaandika. Kwenye taarifa ya benki natoa hundi, kwenye daftari naandika makato. Pande zote zinabaki 4,150,000."

"Kumbe unajua!"

"Nilikumbuka kwenye lifti, mjomba."

Basi tukafyeka. Malaria ikaenda, foleni ikaenda, masikitiko yakaenda. Alitaka pia kusahihisha jibu lake kuhusu udhaifu wake, nikakataa. Ukigusa majibu mawili, wataona umeomba usaili wa marudio. Tukabakisha hivi:

"Nawashukuru kwa muda wenu jana. Kuhusu swali la salio la benki, ningependa kukamilisha jibu langu: kabla ya kugusa daftari ningetafuta chanzo cha tofauti, nikianza na hundi zisizowasilishwa na makato ambayo hatujayaandika. Daftari lingerekebishwa kwa yale tu yenye uthibitisho. Nipo tayari kwa swali lolote."

Hapo hakuna kulia, na lile jibu bovu halikurudiwa. Mhasibu aliyesahau hatua anafundishika. Anayeongeza tarakimu ili hesabu zikae sawa anaogopwa, na hofu hiyo ndiyo tuliyotaka kuiondoa. Nilimwambia ukweli pia: kama alama zilikwisha kujazwa, barua haizifuti. Aitume asubuhi na mapema, huenda jopo halijakaa kujadili.

Akaituma saa mbili. Saa nne simu ikalia. Yule mama wa miwani alikuwa amejibu kwa mstari mmoja: "Asante. Na hundi kama hizo zikikaa mwaka mzima bila kupelekwa benki?"

Mpwa wangu akatabasamu, akakaa vizuri, akaanza kuandika. Nilichungulia begani kwake. Alikuwa amefika kwenye neno "Nitaongeza", nikampokonya simu.