Sifa za Mstari Mweusi

Wapo wanaomsifu bibi harusi, wapo wanaosifu pilau. Mimi, fundi wa video za harusi hapa Dar es Salaam, leo namsifu mgeni asiye na kadi: mstari mweusi unaopita juu ya shela jeupe pindi tu ninapoelekeza kamera chini ya taa za ukumbi. Hali, hanywi, hagombei kiti meza kuu. Hayo ni madogo. Sifa yake kubwa ni kutunza wakati.

Kadi husema saa kumi na mbili jioni, maharusi wakaingia saa tatu usiku, na mgeni rasmi akafuata kwa raha zake. Mstari mweusi hajachelewa hata siku moja. Umeme wetu, kama wa Kenya, ni wa 50 Hz, na taa hupata nguvu mkondo unapokwenda na unaporudi. Kwa hiyo LED ya bei poa, isiyo na saketi ya kuusawazisha umeme, hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Tyubulaiti za zamani zenye choki nzito nazo ni hivyo hivyo. Zenye choki ya kielektroniki hupiga maelfu kwa maelfu, hazisumbui. Mara 100, usiku kucha, bila kumngoja mshereheshaji amalize utani wake! Kamati gani ya harusi inaweza hilo?

Macho ya wageni hayamwoni. Kamera inamwona, kwa sababu sensa nyingi hazichukui picha yote kwa mpigo, bali huisoma safu kwa safu toka juu kwenda chini, kama mzee anayesoma barua kwa kidole. Pigo moja la mwanga huchukua 1/100 ya sekunde. Ukiweka shata 1/50, kila safu inapata mapigo mawili kamili. Ukiweka 1/100, inapata moja kamili. Hakuna aliyepunjwa, mstari hauonekani. Ukiacha 1/60, kila safu inapata pigo moja na theluthi mbili, na hizo theluthi mbili hazilingani: safu hii inaangukia kwenye mng'ao, ile kwenye giza. Ukipandisha hadi 1/500 ndiyo umemwita rasmi mgeni wangu, maana safu inaambulia sehemu moja ya tano ya pigo.

Ana heshima pia kwa fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mapigo manne kamili yanaingia katika kila fremu, basi akitokea husimama karibu palepale. Kwa fremu 30 yanaingia matatu na theluthi, naye anarukaruka na picha nzima inapepesa. Ndiyo maana menyu ya kamera huwekwa PAL, si NTSC iliyotoka nayo dukani. Na bwana harusi akitaka kukata keki kwa mwendo wa polepole, fremu 120 ni mtego: shata haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/120, haifiki pigo kamili. Chukua fremu 100 kwa shata 1/100. Picha ikizidi mwanga, shusha ISO au bana lenzi, shata usiiguse.

Mpaka hapo tungeishi kwa amani, mimi na mstari wangu. Lakini kuna ukumbi mmoja, bei yake sitaitaja nisije nikalia, ambao mwenyewe anauita wa kisasa. Kanunua taa za rangi za bei ya chini kabisa, kisha kazipunguza mwanga ili "zilete mahaba". Taa hizo hupunguzwa kwa kukatakata mkondo kwa kasi yake yenyewe, isiyofuata umeme wa ukutani, kwa hiyo 1/50 yangu haikufua dafu. Dawa ni kuzipandisha hadi mwisho, kwa kuwa zikiwaka zote kukatakata huko hukoma, au kuisogeza shata kidogo kidogo mpaka mistari ipotee, kwa kamera yenye uwezo huo. Nilimwomba fundi wa taa azipandishe. Akasema bosi hataki. Wiki iliyofuata nani aliambiwa kamera yake mbovu? Si bosi. Hela ya keki ya ngazi saba ilipatikana. Ya taa nzuri, mwenye ukumbi hana, na kamati haikuuliza.

Basi wanakamati, kabla hamjalipa malipo ya awali, ombeni taa ziwashwe kama zitakavyokuwa usiku wa sherehe. Chukueni simu yenye kamera ya kupangwa kwa mkono, wekeni shata 1/1000, muielekeze kwenye ukuta mweupe. Mkiona mistari, mdaini mwenye ukumbi punguzo, na nambari yangu msimpe.