Kura Iliyokwisha Kujijibu

Kura ya kundi la WhatsApp isemayo "Je, mnaunga mkono wazo zuri la mwenyekiti la kukutana Jumamosi?", yenye machaguo "Ndiyo", "Ndiyo kabisa" na "Sina neno", haiulizi, inakusanya makofi. Kuirekebisha huanza kwa kumwondoa mwenyekiti na sifa zake: "Mkutano ufanyike lini?" Kisha machaguo hutenganishwa: "Jumamosi saa 10 jioni", "Jumapili saa 10 jioni", "Siku zote mbili sitaweza". Hilo la mwisho huwaokoa waliokuwa wakihesabiwa wamekubali kwa kunyamaza. Anayeweza siku zote mbili huruhusiwa kuchagua zote. Mwisho huongezwa sababu ya kupiga kura: "Inafungwa Alhamisi usiku, siku itakayoongoza ndiyo ya mkutano." Hasara yake ni moja tu: mwenyekiti anaweza kushindwa.