Je, Nafasi Bado Ipo?

Mtu wa Mbale anayetafuta kazi Jinja ana maadui wawili: barabara ya Tirinyi na kundi la WhatsApp. Barabara angalau humfikisha.

Tuchukue kijana mmoja wa Namakwekwe, fundi wa maabara. Jumamosi asubuhi alikuwa Barabara ya Kumi akisubiri roleksi yake ikaangwe, simu ikalia. Rafiki aliyesoma naye alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa gazeti wenye tangazo la kazi la shirika moja la Jinja, na chini yake ameandika: "Wahini, mwisho leo!" Tangazo lenyewe lilisema mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Hiyo "leo" ilikuwa ya mtu mwingine, ikarushwa kundi hadi kundi bila yeyote kuitazama kalenda.

Akaandika hapohapo, kidole gumba kikiwa na mafuta. Kichwa cha barua pepe kilikuwa neno moja, "Kazi". Ndani akamsalimu mpokeaji, akaiulizia afya yake na ya familia yake, akamwombea baraka katika shughuli zake, kisha akauliza: "Je, ile nafasi bado ipo?"

Jumanne jibu la karani likaja kutoka Jinja. "Ipi?"

Shirika lile lilikuwa limetangaza nafasi za dereva, mhasibu, mlinzi na fundi wa maabara kwa mpigo. Kijana akajibu: "Ile ya kwenye gazeti." Zote zilikuwa za kwenye gazeti.

Tusimlaumu sana karani. Baada ya tarehe ya mwisho, mtu kama yeye hufungua barua zilizoingia moja moja, huhifadhi viambatisho, na huandika majina kwenye orodha itakayopelekwa kwa wanaochuja waombaji. Kabla orodha haijatoka mezani kwake, kuongeza jina moja ni kazi ya dakika chache, na mara nyingine ana ruhusa ya kufanya hivyo. Ikishatoka, kuliingiza jina kunahitaji maelezo kwa mkubwa wake, na hakuna anayejieleza kwa mkubwa kwa ajili ya "ile ya kwenye gazeti". Swali tupu, basi, hula muda uleule ambao mlango ungali nusu wazi. Karani akisema ndiyo, bado hana cha kuandika kwenye orodha.

Lakini si kila mlango huwa nusu wazi. Ajira za serikali za wilaya hupita kwa Tume ya Utumishi ya Wilaya, chombo kilichowekwa na Katiba ya mwaka 1995, na matangazo yake kwa kawaida husema waziwazi kwamba maombi ya kuchelewa hayatapokelewa. Huko mwombaji amezoea fomu za karatasi zinazopelekwa nakala tatu. Kumwandikia katibu kwa upole Jumamosi ni sawa na kulibembeleza kufuli.

Upande wa pili wapo wanaochelewa kufunga bila kuombwa. Nafasi nyingi za Umoja wa Mataifa, zikiwemo za kituo chao cha Entebbe, hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York. Kwa saa za Uganda hapo ni asubuhi ya siku inayofuata: karibu saa moja Marekani inapokuwa katika saa za kiangazi, karibu saa mbili miezi mingine. Mtu wa Mbale anaweza kuamka, akanywa chai, na bado akawa hajachelewa. Tena hakuna wa kumuuliza: fomu hujazwa mtandaoni, na tangazo likishaondoka limeondoka.

Turudi kwa kijana wetu. Dada yake, anayefanya kazi ofisini, akamnyang'anya simu. Kichwa kikawa jina la cheo na namba ya tangazo. Salamu ikabaki moja, kisha sentensi mbili: tangazo nimeliona baada ya tarehe ya mwisho, kama orodha haijafungwa, maombi yangu kamili yameambatishwa. Akabonyeza kutuma. Barua ikakataa. Picha za vyeti zilikuwa na megabaiti 21 na kikomo cha Gmail ni 25, lakini viambatisho hugeuzwa kuwa maandishi vikiwa njiani na huvimba kwa karibu theluthi moja. Zile 21 zilikuwa zinakaribia 28. Ikabidi picha zipunguzwe, zikusanywe kwenye faili moja la PDF, ndipo ikaondoka.

Jibu lilikuja mchana uleule: "Imepokelewa. Orodha inaondoka kesho saa nne. Tafadhali tuma tena stashahada. Kwenye picha kitambaa cha meza kinaonekana vizuri, jina lako halionekani."